Barua iliyoomba badala ya kuarifu: kisa cha mwalimu aliyeacha kazi kwa Kifaransa

Jumamosi ya tarehe 30 Agosti 2025, baada ya Alasiri, alinijia nyumbani mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa darasa la tatu katika skuli moja ya binafsi hapa Unguja Mjini. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amepata kazi katika skuli nyengine Chake Chake, kazi inayoanza Jumatano ya tarehe 1 Oktoba, na barua yake ya kuacha kazi alikwisha kuipeleka tangu tarehe 18 Agosti. Kilichomleta ni kwamba siku ile mwalimu mkuu alimkuta ukumbini, akamwambia kwa upole kabisa: "Lile wazo lako la Pemba tutalizungumza mwisho wa mwaka, inshallah."

Wazo. Yeye alidhani ameshaacha kazi.

Skuli yake inaendeshwa na watu wanaozungumza Kifaransa. Mwalimu mkuu ni mama wa Kingazija aliyesomea Ufaransa, na mkataba wa ajira umeandikwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo mwalimu huyu, ambaye Kifaransa alikianza kwangu na kukiendeleza kazini, aliona adabu ni kuandika kwa lugha ya mkataba. Sikuona kosa katika uamuzi huo. Niliomba kuiona barua. Hii hapa, bila jina wala anuani:

```
Madame,
Je voudrais vous demander de résigner mon poste
de professeur de classe 3. J'ai trouvé un travail à
Chake Chake et j'aimerais commencer au mois d'octobre.
Je vous donne une notice d'un mois. Pendant quatre ans,
j'ai été bien remerciée par vous et par les parents de
mes étudiants. Conformément à l'article L. 1237-1 du Code
du travail, je vous prie de préparer mon attestation
Pôle emploi.
Dans l'attente de votre réponse, veuillez agréer mes
salutations distinguées.
```

Pembeni, kwa kalamu ya buluu, mwalimu mkuu alikuwa ameandika: *Vu. À discuter en décembre.* Yaani: nimeiona, tuijadili Disemba. Mwanafunzi wangu aliliona lile neno *vu* akalichukulia kuwa ni kibali. *Vu* maana yake ni kwamba jicho limepita juu ya karatasi, basi. Hakuna tarehe, hakuna saini ya kupokea, hakuna kukubali.

Ukiitazama kwa haraka barua hii haina makosa mengi ya sarufi, na ndiyo maana ilimpitia hivi hivi mwenyewe. Ina vitenzi vilivyonyambuliwa sawasawa, na *remerciée* imepata ile *e* ya kike. Tatizo lake ni kubwa zaidi: haisemi kwamba mtu anaacha kazi.

Tuanze na sentensi ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Nilimuuliza alitaka kusema nini kwa Kiswahili. Akajibu papo hapo: "Naomba kuacha kazi." Bila shaka. Sote tumeandika hivyo. Barua zetu za kikazi huanza na YAH: OMBI la hili au lile, hata pale ambapo mwandishi ameshafunga mizigo na bosi anajua. "Naomba" kwa Kiswahili ni heshima, na msomaji Mswahili huipokea kama heshima, kisha akasoma uamuzi ulio nyuma yake. Mfaransa, au mtu aliyelelewa katika barua za Kifaransa, akisoma *je voudrais vous demander*, anasoma ombi halisi linalosubiri jibu. Akikutana tena na *j'aimerais commencer*, "ningependa kuanza", anaona matamanio mawili yamefuatana. Mwalimu mkuu hakumdharau. Aliambiwa kuna mtu ana ombi, naye akalipangia muda wa kulijadili.

Kuna jambo jengine ndani ya sentensi hiyo hiyo, na hili lilimfanya ashike kichwa nilipomwonesha. Kwa Kiswahili kuna tofauti kati ya "nakuomba kuacha kazi" na "nakuomba uache kazi". Katika ya kwanza anayeacha ni mimi, katika ya pili ni wewe. Kifaransa hakitofautishi namna hiyo. *Demander à quelqu'un de faire* ina maana kwamba anayeombwa ndiye atakayetenda. *Je voudrais vous demander de résigner*, kwa hesabu ya sarufi, inamwomba mwalimu mkuu aache yeye kazi. Ikiwa unaomba ruhusa ya kutenda mwenyewe, kiunganishi hubadilika kikawa *à*: *je demande à partir*, naomba kuondoka. Herufi mbili zinabadilisha mtendaji. Mwalimu mkuu ni mwanamke mwerevu na alielewa kilichokusudiwa, lakini barua ya aina hii haifai kumtegemea msomaji aelewe kwa hisani yake.

Na lile neno *résigner* lenyewe limetoka kwenye Kiingereza chake cha sekondari. Kitenzi hicho kipo katika Kifaransa, lakini kwa maana ya kuachia cheo ni cha zamani. Anachokijua msomaji wa leo ni *se résigner*, kukubali yaishe, kukubali shingo upande. Kuacha kazi ni *démissionner*, na kitenzi hiki hakibebi mtendwa moja kwa moja: husemi *démissionner mon poste*, husema *démissionner de mon poste*.

*Notice* ni mtego wa karibu zaidi kwetu, kwa sababu sisi tunasema "kutoa notisi". Kwa Kifaransa *notice* ni kile kikaratasi chembamba kilichokunjwa ndani ya boksi la dawa, kinachokwambia umeze vidonge vingapi. Muda wa taarifa kabla ya kuondoka unaitwa *préavis*. Mkataba wake ulikuwa nalo neno hilo, ukurasa wa tatu. Nilimwambia auweke mkataba kando ya barua, na lolote lililomo ndani ya mkataba alitumie kama lilivyo bila kutafuta jengine.

Kisha nikafika kwenye *remerciée*, nikanyamaza kidogo. Alitaka kusema kwamba yeye, mwalimu mkuu na wazazi wameishi kwa kushukuriana. *Remercier* ni kushukuru, hilo ni kweli. Lakini mwajiri "anapomshukuru" mfanyakazi katika Kifaransa cha kazini, amemwachisha kazi. *Elle a été remerciée* ni namna laini ya kusema amefukuzwa. Kwa hiyo barua ya mwalimu anayeondoka kwa hiari, mwenye sifa nzuri, ilikuwa na mstari unaosomeka kwamba kwa miaka minne amekuwa akifukuzwa na skuli na wazazi. Na katika karatasi itakayobaki kwenye faili, tofauti kati ya kuacha na kuachishwa si mchezo. Shukurani itoke kwake: *je vous remercie de la confiance que vous m'avez accordée*. Yeye ndiye anayeshukuru, na neno linarudi kwenye maana yake ya kawaida.

*Étudiants* nililibadilisha haraka. Kiswahili kinamwita "mwanafunzi" mtoto wa chekechea na yule wa chuo kikuu. Kifaransa kinawaita watoto wa skuli *élèves* na kukiacha *étudiants* kwa wa vyuo. *Classe 3* nayo ni tafsiri ya darasa la tatu neno kwa neno. Mfumo wa Kifaransa una majina yake kwa madarasa matano ya msingi, CP, CE1, CE2, CM1 na CM2, na la tatu ni CE2. Skuli yake inatumia majina hayo hayo kwenye milango. Ama *professeur*, hapo nilisita kidogo. Ufaransa, tangu mwaka 1990, walimu wa msingi wa serikali huitwa *professeurs des écoles*, badala ya *instituteurs* wa zamani. Lakini hicho ni cheo cha watumishi wa dola ya Ufaransa, na yeye si mmoja wao. *Enseignante*, mwalimu wa kike, linatosha na ni kweli.

Sasa ile mistari miwili ya sheria. Nilimuuliza ameipata wapi, akasema alitafuta mfano wa barua kwenye simu na akaichukua kwa kuwa ilionekana rasmi. Kwa kweli alikuwa ameshona pamoja mifano miwili ya watu wa hali mbili tofauti, na ukiitazama kwa makini unaona mshono.

Lile ombi lake, mbali na mazoea yetu ya Kiswahili, lilitiwa nguvu na mfano wa mwalimu wa serikali ya Ufaransa. Mwalimu huyo ni mtumishi wa umma, na kwake kuacha kazi ni ombi kweli: hakukamiliki mpaka mamlaka ikubali kwa maandishi. Barua yake husema *j'ai l'honneur de solliciter*, nina heshima ya kuomba, na ni sahihi kusema hivyo. (Mwalimu kama huyo akitaka tu kuhamia mji mwengine, kwa kawaida haachi kazi, huomba uhamisho, kama mwalimu wa serikali wa hapa kwetu anavyofanya.) Kifungu L. 1237-1 kwa upande mwengine kinatoka kwenye sheria ya kazi ya Ufaransa inayohusu wafanyakazi wa binafsi, na kinazungumzia muda wa *préavis* pale mtu anapoacha kazi. Na *attestation Pôle emploi* ni cheti cha kupelekwa kwenye ofisi ya Ufaransa inayoshughulikia wasio na ajira. Ofisi hiyo yenyewe ilibadilishwa jina kuwa *France Travail* tarehe 1 Januari 2024, kwa hiyo hata Mfaransa angejua mfano huo umepitwa na wakati.

Hapa nilimsimamisha, kwa sababu hili ndilo nililotaka alishike zaidi ya sarufi yote. Kuandika kwa Kifaransa hakuleti sheria ya Ufaransa Zanzibar. Ameajiriwa Unguja, analipwa Unguja, skuli imesajiliwa Unguja. Sheria inayomhusu ni Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Na. 11 ya 2005, pamoja na mkataba wake. Kifungu cha Ufaransa ndani ya barua hakimlindi hata kidogo, na siku mambo yakigombaniwa mbele ya watu wa kazi, kinamfanya aonekane hajui amesimama wapi. Tukakifuta. Badala yake tukaweka *conformément à mon contrat*, kwa mujibu wa mkataba wangu, maneno manne ambayo mwalimu mkuu anaweza kuyahakikisha kwa kufungua kabati lake. Mkataba ulikuwa hauna muda maalumu, na kifungu chake kilisema mfanyakazi anaweza kuuvunja *moyennant un préavis d'un mois, notifié par écrit*: kwa taarifa ya mwezi mmoja, iliyotolewa kwa maandishi. Hakuna mahali panaposema mwajiri lazima akubali.

Ikabaki hesabu ya siku, na hiyo ilikuwa ya kubana. Barua ya tarehe 18 Agosti hatukuweza kuitegemea: haikusema anaacha, na haikuwa na tarehe ya kupokelewa. Ilibidi tuanze upya. Mwezi huhesabiwa tangu siku mwajiri anapopata taarifa, si siku uliyoiandika, na siku ya kazi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa Jumatatu, tarehe 1 Septemba. Ikipokelewa siku hiyo, mwezi unaisha tarehe 30, na tarehe 1 Oktoba yuko huru. Ikipokelewa Jumanne, siku yake ya kwanza Chake Chake inaangukia ndani ya mwezi wa skuli ya zamani. Alikuwa na asubuhi moja.

Yeye alitaka kuandika *jusqu'au 1er octobre*, mpaka tarehe 1 Oktoba. Nikamkatalia. *Jusqu'au* inaweza kueleweka kuwa siku yenyewe imo, na mwengine akasema haimo. Tukaandika siku na tarehe ya mwisho kwa jina lake: Jumanne, 30 Septemba 2025. Tarehe ikishatajwa hivyo, hakuna wa kuhesabu vidole.

Barua tuliyoimaliza kabla ya Magharibi ni hii:

```
Zanzibar, le 1er septembre 2025

Objet : démission
Lettre remise en main propre contre décharge

Madame la Directrice,

Je vous informe de ma décision de démissionner de mon
poste d'enseignante, que j'occupe dans votre école
depuis le 10 janvier 2022. J'ai actuellement la charge
de la classe de CE2.

Conformément à mon contrat, je respecterai un préavis
d'un mois à compter de ce jour. Mon dernier jour de
travail sera donc le mardi 30 septembre 2025.

J'ai accepté un poste dans une école de Chake Chake.
D'ici mon départ, je remettrai à la personne qui me
remplacera les cahiers de notes et la progression
de la classe.

Je vous remercie de la confiance que vous m'avez
accordée pendant près de quatre ans, et je vous prie
d'agréer, Madame la Directrice, mes salutations
respectueuses.
```

*Je vous informe de ma décision*: ninakuarifu uamuzi wangu. Alipoisoma kwa sauti aliniangalia na kusema, "Mwalimu, si ukali huu?" Nilimwelewa. Kwa sikio letu, kumwambia mkubwa "nimeamua" bila "naomba" ni kama kuingia ndani bila kubisha hodi. Lakini heshima ya barua ya Kifaransa imewekwa pahala pengine. Iko katika *Madame la Directrice* pale juu badala ya *Madame* mtupu, ikarudiwa neno kwa neno pale chini. Iko katika *respectueuses*, ambalo mtu wa chini humwandikia wa juu yake. Na iko katika lile sharti kwamba sentensi ya kufunga iwe kamili na ndefu. Katikati, msomaji anatarajia uwazi, na uwazi wenyewe ni adabu, kwa sababu unampa muda wa kutafuta mwalimu mwengine.

Kuhusu kufunga, nitaje mambo mawili ambayo hata waliosoma sana huyakosea. Kwenye barua ya kwanza aliandika *Dans l'attente de votre réponse, veuillez agréer*. Anayesubiri jibu ni mwandishi, lakini *veuillez* inamhusu msomaji, kwa hiyo sentensi inaanza na mtu mmoja na kumalizia na mwengine. Sahihi ni *je vous prie d'agréer*, ili anayesubiri na anayeomba awe mtu yule yule. Hapa hata hivyo kusubiri jibu kuliondoka kabisa, maana hakuna jibu analolihitaji. La pili ni kwamba salamu hazihitaji *l'expression de*. Huonesha mtu hisia zake, *l'expression de mes sentiments*, lakini salamu unazitoa tu: *agréer mes salutations*.

Sababu ya kuondoka aliuliza kama aieleze: mume yuko Pemba, mama mkwe anaumwa. Tukaandika sentensi moja ya kazi mpya na kuacha mengine. Mkataba haudai sababu, na kila sababu unayoitaja ni mlango wa mtu kukushawishi.

*Remise en main propre contre décharge* maana yake ni kwamba barua imetolewa mkono kwa mkono na mpokeaji ametia saini. Maneno hayo peke yake hayafanyi kazi, lazima kitendo kifuate. Tukachapisha nakala mbili. Chini ya nakala yake tukaacha nafasi yenye maneno *Reçu le*, imepokelewa tarehe, na mstari wa jina na saini. Nilimwambia asikubali *vu* mara ya pili, na asiombe *bon pour accord*, maneno ya kukubali, kwa kuwa angerudi pale pale pa kuomba.

Jumatatu saa nne asubuhi alinipigia kutoka nje ya lango la skuli. Mwalimu mkuu aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Akasema: "Kumbe unakwenda kweli." Kisha akamuuliza kama anaweza kubaki mpaka watoto wamalize mitihani ya mwisho wa mwaka. Huyu mwanangu ana moyo laini na alikaribia kusema ndiyo. Akasema atafikiri, lakini leo aombe saini ya kupokea. Akaipata: *Reçu le 1er septembre 2025*, na muhuri wa skuli juu yake. Angekubali kubaki kwa mdomo tu, tarehe 30 ingekuwa imekufa mkononi mwake. Kama wangekubaliana tarehe nyengine, ilibidi nayo iandikwe na wote wawili waisaini. Siku mbili baadaye alirudi akamwambia hapana, kwa Kiswahili, na wakaagana vizuri. Mambo ya michango yake ya ZSSF na cheti cha utumishi aliyafuatilia kwa ofisi ya skuli, kila moja kwa karatasi yake.

Wiki ya mwisho ya Septemba alikuja tena. Mwalimu mkuu wa Chake Chake alitaka kuona kwamba ameachana na skuli ya zamani kwa taratibu, na Kifaransa hakisomi. Nikakaa naye tukaitafsiri ile barua. Alianza kuandika yeye: "YAH: OMBI LA KUACHA KAZI." Nikamwambia asubiri, tusome lililoandikwa. Akafuta, akaandika "KUACHA KAZI", na chini yake: "Ninakuarifu uamuzi wangu wa kuacha kazi ya ualimu niliyoifanya katika skuli yako tangu tarehe 10 Januari 2022." Akaibana pamoja na nakala yenye muhuri, akaitia ndani ya mkoba wa plastiki kwa ajili ya maji ya boti ya Mkoani.